Kwa nini baladi huishia njiani?

"Tumesoma baladi ya Lord Randal darasani hapa Mwanza, imekwisha ghafla tu. Beti za mwisho zimepotea?"

Hazijapotea. Dhana hiyo huwajia zaidi wasomaji waliokulia kwenye tenzi. Utenzi wa jadi hufunguliwa kwa kumtaja Mungu, kisa husimuliwa tangu chanzo chake, na mwishoni mtunzi mara nyingi hujitaja jina. Mwenye mazoea hayo akikutana na baladi kama hii, yaani wimbo wa jadi wenye kisa, anamtafuta msimulizi na hamwoni. Humo kuna watu wanaozungumza tu, na msomaji anaachiwa kuunganisha.

Baladi hii ya Uskoti ni namba 12 katika mkusanyiko wa msomi Mmarekani Francis James Child wa baladi 305, uliochapishwa kati ya 1882 na 1898. Katika nakala anayoitanguliza Child, kila ubeti ni swali la mama na jibu la mwana. Ulikuwa wapi? Msituni. Ulikutana na nani? Mpenzi wangu. Alikupa nini? Mikunga ya kukaanga (umbo lake linakaribia la kamongo wetu, ingawa ni samaki mwingine). Mabaki alikula nani? Vipanga wangu na mbwa wangu. Wakawaje? Wakanyoosha miguu, wakafa. Hakuna ubeti unaoonyesha sumu ikitiwa. Tunaijua kwa vifo vya wanyama.

Kinachopuuzwa zaidi ni kibwagizo. Kila ajibupo, kijana humwomba mama amtandikie kitanda upesi, kwa kuwa amechoka kuwinda na anataka kulala. Mara 5 maneno ni yaleyale. Mama anaposema anahofu mwanawe amelishwa sumu, mwana anakubali, na papo hapo kuchoka kwa kuwinda kunageuka kuwa kuumwa moyo. Kibwagizo kinafanya kazi ya mti uliochomekwa majini pale Kirumba: kwa kuwa wenyewe hausogei, ndio unaokuonyesha ziwa limepanda. Basi usikiruke. Kisome kwa sauti kila mara, na ukisikia neno limebadilika, simama hapo.

Kisha mama anamuuliza mwanawe atawaachia nini jamaa zake. Mama ataachiwa ng'ombe 24 wa maziwa, dada dhahabu na fedha, kaka nyumba na ardhi, na mpenzi jehanamu na moto. Imekwisha. Kifo hakisimuliwi kwa sababu mtu hagawi urithi wake wote kama anatarajia kuamka kesho.

Kwa nini mpenzi alimuua? Wimbo hausemi, na zipo nakala ambamo mtoa sumu ni mama wa kambo, kwa hiyo nadharia ya wivu isijengwe juu ya nakala moja. Vilevile vibwagizo vingi havibadiliki kamwe. Vipo ili wasikilizaji waitikie.

Zipo pia baladi ambazo kweli zimepoteza beti. Utazitambua kwa kulinganisha nakala: mhusika anapotaja jambo ambalo huku halipo na kwingine limesimuliwa, hapo pana pengo. Lakini nakala nyingi za Lord Randal, zilizokusanywa sehemu mbalimbali, huishia kwenye wosia uleule.