Bomba la sensa likigoma, betri ndizo husingiziwa

Zahanati moja niliyoitwa kutengeneza mabomba ilikuwa imenunua mabomba matatu ya sensa, yale yanayojifungua ukiweka mikono chini yake, kwa vyumba vya matibabu. Ndani ya miezi miwili wauguzi walikuwa wamebadilisha betri mara tatu, na bado ukiweka mikono unasikia "tik", kisha maji yanachuruzika kama ya birika. Asubuhi, tangi likiwa limejaa, yalikuwa afadhali kidogo. Jioni hakuna kitu. Chini ya sinki wakaweka ndoo na kata, na hapo ndipo walipokuwa wakinawia kweli.

Dhana: bomba la sensa lisipotoa maji, betri zimekwisha.

Ile "tik" ndiyo jibu. Ni sauti ya valvu ndogo ya umeme ikifunguka, na isingesikika kama betri zimekufa. Ukiisikia na maji hayaji, tafuta kosa kwenye maji. Usipoisikia kabisa, hapo ndipo uangalie betri, au kioo cha sensa kilichopakwa ukungu wa sabuni. Na bomba likidondosha matone bila kukoma, mara nyingi chembe ya mchanga imekaa kwenye utando wa mpira ndani ya valvu. Funga koki iliyo chini ya sinki, fungua valvu, safisha chujio na utando.

Kwa zahanati ile kosa lilikuwa presha. Valvu za aina hii hutumia presha ya maji yenyewe kuusukuma utando, wakati wa kufungua na wa kufunga pia. Kwenye karatasi ya maelezo ya bomba lao iliandikwa kiwango cha chini cha presha ni baa 0.5, baa ikiwa ni kipimo cha presha. Maji ya tangi hupata takriban baa 1 kwa kila mita 10 za kimo. Kitako cha tangi lao kilikuwa mita 3 kutoka ardhini na mdomo wa bomba mita 1, hivyo tangi likikaribia kuisha tofauti ni mita 2, yaani baa 0.2. Tangi lenyewe lina urefu wa mita 1.5, kwa hiyo hata likijaa pomoni wanapata baa 0.35 tu, kabla ya kutoa kinachopotea kwenye mabomba na viungio. Ili kufikia 0.5 tangi likiwa karibu tupu, kitako chake kingepaswa kuwa mita 6 juu. Hakuna betri inayoweza kufidia hilo.

Dhana: kwenye boksi wameandika betri miaka 2, basi ni miaka 2.

Miaka hiyo imehesabiwa kwa idadi fulani ya matumizi kwa siku, na idadi hiyo huwa imeandikwa kwa herufi ndogo. Tuseme ni mara 100 kwa siku. Kwa miaka 2 ni mara 73,000. Chumba cha kufungia vidonda chenye wagonjwa 60, ambako mtu ananawa kabla na baada ya kila mgonjwa, kina mara 120 tayari. Ongeza usafi wa chumba, mikono inayotoka na kurudi katikati ya kunawa, na sinki la chuma linalong'aa ambalo huirudishia sensa mwanga wake na kulifungua bomba pasipo mtu. Ukifika mara 300, hesabu ile inaisha kwa siku 243, yaani miezi minane. Na sensa hula betri kidogo kidogo hata usiku, ikitafuta mkono.

Weka betri za alkalini, zote mpya kwa pamoja. Zile za bei rahisi za kaboni huisha haraka na huvuja, na majimaji yake hula vishikio vya shaba ndani ya boksi. Pia usizichomoe betri maji yakiwa yanatoka: valvu nyingi za betri hubaki zilipoachwa, na bomba litaendelea kumwaga mpaka ufunge koki ya chini.

Dhana: kwa kuwa haliguswi, ndilo safi zaidi.

Hii naielewa, maana hata mimi niliiamini. Lakini mkono ni njia moja tu ya uchafu. Mwaka 2011 watafiti wa hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, walieleza kwamba nusu ya sampuli za maji kutoka mabomba yao ya elektroniki ziliotesha Lejionela, bakteria wa majini wanaoweza kuleta homa ya mapafu, dhidi ya asilimia 15 kwa mabomba ya kawaida. Waliona kuwa sababu inaelekea kuwa vipande vingi ndani ya valvu, ambavyo huwapa bakteria mahali pa kujishika. Hospitali iliyaondoa kwenye maeneo ya wagonjwa.

Bomba la kiwiko, lile unalolifungua kwa kiwiko badala ya vidole, halina mambo mengi ndani: mpini, robo mzunguko, visahani viwili vya kauri, basi. Halihitaji betri, linatoa maji kwa presha ndogo ya tangi, na fundi yeyote wa mtaani analifungua. Zahanati ile tuliwafungia hayo.

Ila mpini mrefu peke yake haulifanyi bomba kuwa la kiwiko. Nimeona mengi yamefungwa karibu na ukuta kiasi kwamba mpini unagonga vigae kabla haujafunguka vizuri, na muuguzi anaishia kuuvuta kwa vidole, vilevile alivyokwisha kuviosha. Kabla ya kukaza nati, simama mbele ya sinki, mikono juu, fungua na ufunge kwa kiwiko. Ukilazimika kupinda mgongo, sogeza. Na mpini ukianza kuwa mgumu, badilisha mapema moyo wa bomba, yaani kile kipande chenye visahani vya kauri.

Dhana: kila bomba liwekewe kidhibiti mtiririko mdomoni ili kuokoa maji.

Kidhibiti kina pete ya mpira inayojibana presha ikipanda, ili maji yasizidi kiwango fulani, kwa mfano lita 6 kwa dakika. Kwa baa 0.2 hakuna cha kubana. Kinazuia tu maji machache yaliyopo, na mtu anayetakiwa kunawa kwa sabuni sekunde 40 hadi 60 huchoka kusubiri suuza. Vile vya wavu vinavyochanganya hewa ni vibaya zaidi kliniki, kwani wavu unabaki na majimaji na chokaa, na utelezi wa bakteria hujijenga humo. Nasema toa, acha mdomo wazi. Mahali penye maji ya mji yenye presha kubwa, punguza kwenye koki iliyo chini ya sinki.

Dhana: maji yaangukie tundu la kutolea, ndiyo sinki hubaki safi.

Hospitalini Toronto, kati ya 2004 na 2006, wagonjwa 36 walipata Sudomona, bakteria wanaopenda mahali penye majimaji, waliohusishwa na masinki ya kunawia. Bomba lilimwaga moja kwa moja kwenye tundu, na rangi inayong'aa iliyowekwa humo ilionekana imeruka walau mita 1. Mdomo wa bomba uelekee mteremko wa sinki, pembeni ya tundu, na sinki lenyewe lisiwe na kizibo wala lile tundu la juu la kutolea maji yakifurika.

Jaribio hilo unaweza kulifanya kwa rangi ya chakula. Mimina kijiko kwenye tundu, tandaza karatasi nyeupe kuzunguka sinki, fungua maji dakika moja. Kwenye zahanati ile, kabla hatujageuza midomo, madoa mekundu yalifika sentimita 40, juu ya meza ambapo dawa za sindano zilikuwa zikichanganywa. Meza ikahamishiwa ukuta wa pili siku hiyohiyo.