Nakisi ikipungua, mbona deni linaongezeka? Ufafanuzi kwa anayepiga kura kwa mara ya kwanza

Msimu wa kampeni ukikaribia, sisi tunaofanya kazi ya kutunza hesabu za madeni ya Serikali ya Tanzania hupokea maswali mengi, na sehemu kubwa yanatoka kwa vijana ambao ndiyo kwanza wamejiandikisha kwenye daftari la wapiga kura. Swali linalojirudia ni hili: "Waziri amesema nakisi imepungua, mgombea wa upande wa pili anasema deni limeongezeka. Nani anatudanganya?" Mara nyingi hakuna anayedanganya. Wanazungumzia vitu viwili tofauti, na wasikilizaji wanavipokea kana kwamba ni kimoja. Maelezo haya hayamlengi mgombea wala chama chochote.

Nakisi ni ya mwaka mmoja. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza tarehe 1 Julai na kuishia tarehe 30 Juni, na nakisi ni kile ambacho matumizi ya mwaka huo yamezidi mapato yake. Mwaka ukifungwa, hesabu ya nakisi inaanza upya. Deni halianzi upya. Ni jumla ya mikopo yote iliyokwisha kuchukuliwa na bado haijalipwa, pamoja na ile iliyochukuliwa wakati wewe bado hujazaliwa. Mtu anayepata laki tano kwa mwezi na kutumia laki sita ana nakisi ya laki moja. Mwezi ujao akijibana na kutumia laki tano na nusu, nakisi imeshuka hadi elfu hamsini, lakini anachodaiwa kimepanda kutoka laki moja hadi laki moja na nusu. Nakisi imepungua na deni limeongezeka, katika mwezi uleule. Hilo ndilo jibu la swali, na kwa wengi lingetosha. Tatizo ni kwamba mtu akienda kwenye takwimu zenyewe za bajeti anakutana na mambo ambayo mfano wa mshahara hauyaonyeshi, na hapo ndipo upotoshaji unapoingia.

Tuchukue bajeti ya mwaka 2024/25. Bunge liliidhinisha jumla ya shilingi trilioni 49.35. Mapato ya ndani yalikadiriwa kuwa trilioni 34.61. Washirika wa maendeleo walitarajiwa kutoa trilioni 5.13, ambazo ni mchanganyiko wa misaada na mikopo nafuu. Trilioni 6.62 zilikuwa za kukopwa soko la ndani, na trilioni 2.99 soko la nje kwa masharti ya kibiashara. Jumlisha, utapata 49.35 kamili.

Wengi huchukua 49.35, wakatoa 34.61, wakapata trilioni 14.74, kisha wakaandika mtandaoni kwamba hiyo ndiyo nakisi. Siyo. Tumelieleza hili kila mwaka na kila mwaka linarudi, kwa hiyo nitalieleza tena taratibu.

Angalia zile trilioni 6.62 za soko la ndani. Hotuba ya bajeti yenyewe ilizigawa: trilioni 4.02 ni za kulipia dhamana za Serikali zinazoiva, na trilioni 2.60 ni za kugharamia miradi ya maendeleo. Dhamana hapa ni hati ambayo Serikali inauza ili kukopa, na ya muda mrefu huitwa hati fungani. Inayoiva ni nini? Tuseme mwalimu mstaafu alinunua hati fungani ya miaka 10 kwa shilingi milioni moja, yenye riba ya asilimia 10 kwa mwaka. Kila baada ya miezi sita analipwa riba ya shilingi 50,000. Mwaka wa kumi ukitimia, hati imeiva, na Serikali inamrudishia milioni yake. Ili kumlipa, Serikali inauza hati nyingine ya milioni moja kwa mtu mwingine. Katika vitabu vya bajeti, mkopo mpya wa milioni moja umeandikwa. Katika daftari la madeni hakuna kilichobadilika: jana Serikali ilidaiwa milioni moja na mstaafu, leo inadaiwa milioni moja na mnunuzi mpya. Kilichobadilika ni anayedai, na labda kiwango cha riba, kwa sababu hati mpya inauzwa kwa bei ya soko la siku hiyo.

Kwa hiyo trilioni 4.02 hazimo kwenye nakisi. Misaada nayo haimo, kwa kuwa hailipwi, na nakisi inayotajwa kwa kawaida inahesabu misaada kama mapato. Fedha za kulipa mikopo ya nje iliyofikia muda wake nazo zimo ndani ya ile 49.35, ingawa kulipa mkopo wenyewe kunapunguza deni badala ya kuliongeza. Ukishaondoa vyote hivyo ndipo unafikia nakisi halisi. Kipimo chake ni asilimia ya Pato la Taifa, na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana, katika itifaki ya umoja wa fedha iliyosainiwa Kampala Novemba 2013, kwamba isizidi asilimia 3 baada ya kuhesabu misaada.

Kwa kuwa kila wiki tunaulizwa pia namna dhamana hizo zinavyouzwa, niseme hapa. Benki Kuu ya Tanzania huziuza kwa niaba ya Serikali kwa njia ya mnada, kwa ratiba inayotangazwa mapema. Mwananchi hapeleki fedha Benki Kuu moja kwa moja. Anakwenda kwenye benki ya biashara au kwa dalali wa soko la mitaji aliyeidhinishwa, anafunguliwa akaunti ya kutunza dhamana, anajaza fomu ya zabuni na kutaja kiasi anachotaka. Kwa hati fungani za muda mrefu kiwango cha chini kimekuwa shilingi milioni moja. Matokeo ya mnada hutangazwa, na aliyeshinda lazima fedha zake ziwepo siku ya malipo. Nimeeleza hatua hizi kwa sababu wako wanaodhani "kukopa ndani" ni Serikali kuchukua akiba za watu bila ridhaa. Hakuna anayelazimishwa. Wanunuzi wakubwa ni mabenki na mifuko ya hifadhi ya jamii, na wananchi wa kawaida nao wamo.

Sasa deni. Kufikia Machi 2025, deni la Serikali lilikuwa shilingi trilioni 107.70. Kati ya hizo, trilioni 34.76 ni deni la ndani na trilioni 72.94 ni la nje. Utakutana pia na kiasi kikubwa zaidi, kinachoitwa deni la Taifa, kwenye taarifa za kila mwezi za Benki Kuu. Hicho kinajumlisha mikopo ya nje ya sekta binafsi, kwa mfano kampuni ya simu iliyokopa benki ya Ulaya. Mkopo huo utalipwa na kampuni, haulipwi kwa kodi yako. Unahesabiwa kwa sababu malipo yake yanahitaji fedha za kigeni, na nchi lazima ijue ni kiasi gani cha dola kitatoka. Mtu anayechukua deni la Taifa lote, akaligawa kwa idadi ya Watanzania na kusema "kila mmoja wetu anadaiwa kiasi hiki, mpaka mtoto mchanga", amekubebesha pamoja na madeni ya wenye makampuni. Tafadhali tuache kusambaza hesabu hiyo.

Jambo la pili linaloshangaza wengi ni kwamba deni linaweza kupanda hata kama hakuna senti mpya iliyokopwa. Theluthi mbili ya deni la Serikali ni la nje, na linalipwa kwa fedha za kigeni. Mkopo wa dola milioni 100, dola ikiwa shilingi 2,300, unaandikwa shilingi bilioni 230. Dola ikifika shilingi 2,600, kama ilivyotokea kufikia katikati ya mwaka 2024, mkopo uleule unasomeka bilioni 260. Bilioni 30 zimeongezeka kwenye daftari bila Bunge kupitisha chochote, na hazionekani popote kwenye nakisi. Shilingi ikiimarika, hesabu inarudi chini vilevile. Mgombea akikuambia deni limepanda kwa kiasi fulani, muulize kwanza ni kwa shilingi au kwa dola.

Na kusaini mkopo si kukopa. Hili nalo linatuchosha kidogo. Kabla ya kusaini, maombi hupita kwenye kamati ya wataalamu, kisha Kamati ya Taifa ya Kusimamia Madeni, ambayo inamshauri Waziri wa Fedha, kwa kuwa chini ya Sheria ya Mikopo, Dhamana na Misaada ya Serikali, Sura 134, yeye ndiye mwenye mamlaka ya kukopa kwa niaba ya Serikali. Mkataba ukisainiwa, bado hutakiwa maoni ya kisheria ya Mwanasheria Mkuu na masharti mengine ya mkopeshaji yatimizwe ndipo uanze kutumika. Baada ya hapo fedha hutoka kidogokidogo kwa kadiri mradi unavyokwenda. Deni linaandikwa fedha zinapotoka. Mradi ukichelewa, mikopo mingi hutoza ada ya ahadi kwenye kiasi ambacho hakijachukuliwa, na malipo yakichelewa hutozwa riba ya adhabu. Mpiga kura anayetaka kubana Serikali anayo hoja nzito hapa: mradi uliosimama unaigharimu nchi hata kabla mkopo wake haujatumika.

Ni kipi basi mbunge wako anaweza kubadilisha? Deni lililokwisha kuwepo, hawezi. Ibara ya 141 ya Katiba inalidhamini kwa Mfuko Mkuu wa Hazina, kwa hiyo lazima lilipwe, awe nani aliye madarakani. Nakisi anaweza. Kila Juni anapiga kura ya kukubali au kukataa bajeti, na ndani yake kuna kiasi kipya kitakachokopwa. Mgombea anayeahidi kumaliza deni lote ndani ya miaka mitano aulizwe atakavyofanya. Trilioni 107.70 ni zaidi ya mapato yote ya ndani ya miaka mitatu, kwa makadirio ya 2024/25, bila kulipa mshahara wa mwalimu hata mmoja.

Anayeahidi kupunguza uzito wa deni anasema jambo linalowezekana, na unaweza kulipima. Chukua nchi yenye pato la 100 na deni la 45. Mwaka huu ina nakisi ya 3, hivyo deni linafika 48. Pato nalo likikua hadi 108, kwa uzalishaji na kupanda kwa bei, deni ni asilimia 44.4 ya pato, chini ya lilipoanzia. Pato lisipokua, ni asilimia 48. Nakisi ni ileile, matokeo ni tofauti, na tofauti inatokana na kukua kwa pato, ambako kunategemea pia kile mkopo ulichojenga.

Takwimu hizi zipo wazi. Kwenye hotuba ya bajeti tafuta jedwali la mfumo wa bajeti, ambalo huwa mwishoni, na usome mistari ya mikopo ya ndani: mmoja ni wa kulipia dhamana zinazoiva, mwingine ni mkopo mpya. Mgombea akitaja kiasi cha mikopo jukwaani, mwombe akwambie amesoma mstari upi.