“Urari si unao? Unakili tuanze”: dhana potofu za kuhamia ERP

“Mtaalamu, urari si unao? Unakili kwenye mfumo mpya, Jumatatu tuanze kazi.” Maneno haya kuhusu kuhamia ERP, yaani mfumo mmoja wa kompyuta wa hesabu, stoo na mauzo, nimeyasikia Singida, nimeyasikia Kongwa, na wiki iliyopita nimeyasikia tena hapa Dodoma kutoka kwa mhasibu mkuu ambaye namheshimu sana. Nilimeza maji kwanza, ndipo nikamjibu.

Dhana: salio la mwanzo ni kunakili urari.

Urari ni orodha ya masalio ya akaunti zote: unakwambia wadaiwa ni shilingi milioni 68, basi. Haukwambii ni nani anadaiwa, kwa ankara ipi, na ilipaswa kulipwa lini. Ukiiingiza milioni 68 kwa mkupuo, mizania itapendeza, ila Jumatano mfanyabiashara wa Kibaigwa atakuja kulipia ankara yake ya mwezi Mei na karani hataiona popote. Atapokea pesa aziweke pembeni “kwa muda”. Baada ya wiki tatu una fungu la malipo yasiyo na ankara na fungu la deni lisilo na mwenyewe.

Niwape mfano wa kiwanda kimoja cha kukamua alizeti ambacho tulikihamisha 30 Juni 2024, siku ya Jumapili. Urari wa siku hiyo ulikuwa hivi: benki milioni 42, wadaiwa 68, stoo 115, mitambo 200 na uchakavu limbikizi 60. Upande wa pili wadai 51, mbegu zilizopokelewa ambazo ankara zake hazijaja 14, VAT ya kulipa 6, mtaji na faida limbikizi 294. Unabalansi kabisa.

Sisi hatukuunakili. Tulifungua akaunti moja ya mpito, kisha kila orodha ikaingia ikiegemea akaunti hiyo. Ankara za wateja ambazo hazijalipwa ziliingia mojamoja, za wadai vilevile, stoo kwa bidhaa na kilo zilizohesabiwa, mitambo kwa rejesta yake. Akaunti zisizo na orodha nyuma yake, kama benki na mtaji, zikafuata. Kila kitu kikikamilika, akaunti ya mpito lazima isome sifuri. Ikisoma kingine, kuna orodha isiyolingana na leja yake, na huendi popote mpaka uipate.

Yetu ilisoma milioni 3.5 upande wa kredit. Saa tano usiku wa kuamkia Jumapili, mhasibu wa pale, dada mtulivu mno, akaanza kupitia leja ya wateja ukurasa kwa ukurasa. Ankara zilizo wazi zilijumlisha 71.5, leja kuu ilisema 68. Kumbe orodha iliyochapwa ilichukua ankara tu. Mteja mmoja wa Singida alikuwa ametanguliza milioni 3.5 ambazo hazikuwahi kufungwa na ankara yoyote. Tukayaingiza malipo yale kwenye jina lake, mpito ukawa sifuri. Laiti tungenakili urari, mteja yule angedaiwa mzigo ambao alishautolea pesa, na yeye ndiye angetuambia, tena kwa hasira.

Kuna mitego miwili ambayo watu huingia hata wakishanielewa. Wa kwanza ni kuingiza orodha, halafu mtu mwingine mwenye nia njema akaingiza na urari juu yake. Wadaiwa wanakuwa 136. Huu ni rahisi kuuona kwa sababu namba imejirudia maradufu.

Wa pili ni wa kimyakimya. Ankara ya Mei ya shilingi 11,800,000 ina VAT ya 1,800,000 ndani yake, na VAT hiyo ilishaingia kwenye ritani ya Mei. Ukiiingiza ankara hiyo kwenye mfumo mpya na msimbo wa VAT wa asilimia 18, mfumo utaihesabu kama mauzo mapya, na ritani ya VAT itakuwa imevimba. Ingiza jumla yote bila msimbo wa VAT, na namba ya ankara, tarehe yake halisi na tarehe ya kulipwa vibaki vilevile, maana umri wa deni unahesabiwa kutoka hapo. Tarehe ya kuingia leja ndiyo inakuwa 30 Juni.

Dhana: tukiendesha mifumo miwili sambamba miezi mitatu, tuko salama.

Salama kwa nani? Karani ni yuleyule, saa ni zilezile. Wiki ya pili anaanza kuujaza wa zamani kwa kuchungulia wa mpya, na hapo ulinganisho wako ni sawa na kujitazama kwenye kioo. Halafu kuna risiti za EFD: mauzo moja, risiti moja. Mifumo miwili iliyounganishwa na EFD haiwezi yote kutoa risiti ya mauzo hayohayo, labda unataka kutangaza mauzo mara mbili.

Dawa yangu ni nyingine. Chukua mwezi mmoja uliokwisha kufungwa, tuseme Mei, uingize miamala yake yote kwenye mazingira ya majaribio kabla ya kuhama. Kisha linganisha vitu vitatu tu: VAT, kilo za stoo na wadaiwa. Mishahara ndiyo naruhusu iende sambamba mwezi mmoja, kwa sababu ni hesabu ileile kwa majina yaleyale, na tofauti ya PAYE au NSSF ya mtu mmoja inaonekana papo hapo.

Dhana: kufunga mfumo ni kufunga biashara.

Hapana. Tunaanza kwa kuzuia wateja wapya, wadai wapya na bidhaa mpya, kama wiki mbili kabla. Miamala inafungwa mwishoni kabisa, kwetu ilikuwa Ijumaa jioni. Magari ya mbegu hayangoji, Juni ni msimu, kwa hiyo mizani iliendelea kwa kitabu cha hati zenye namba zilizochapwa tayari. Hati 19 zilitumika, zikaingizwa zote 19 kwenye mfumo mpya kabla lango halijafunguliwa Jumatatu. Kilo zake zilitengwa na zile zilizohesabiwa stoo. Lori likihesabiwa na pia likaandikiwa hati, umelipokea mara mbili. (Ukiniuliza mimi, kiwanda cha alizeti kisihamie mfumo Juni kabisa. Bosi alitaka mwaka mpya wa fedha. Haya.)

Dhana: mambo yakienda mrama, tutarudi kwenye mfumo wa zamani.

Mpaka lini? Hilo ndilo swali ambalo hakuna anayelijibu. Kabla ya muamala wa kwanza mpya, kurudi ni kufungua tena mfumo wa zamani tu. Baada ya siku tatu za mauzo, risiti ziko mikononi mwa wateja na mtu atakaa kuchapa upya kila kitu. Wiki ikipita hurudi tena, unarekebisha ukiwa hukohuko.

Kwa hiyo tuliandika saa ya mwisho ya kuamua kusonga mbele au kurudi: Jumapili saa kumi jioni. Masharti yalikuwa mpito sifuri, tofauti ya stoo imeelezwa, hati za kitabu zimeingia, na bakapu ya mfumo wa zamani imejaribiwa kufunguliwa kwenye kompyuta nyingine, siyo kunakiliwa tu. Mwenye kuamua alikuwa mkurugenzi peke yake, si kikao.

Saa kumi kasoro dakika ishirini hati mbili za mizani zilikuwa bado hazijaingia. Mkurugenzi akavuta kiti akakaa nyuma ya karani, kalamu mkononi. Saa kumi na dakika saba akasaini, na zile dakika saba akaziandika kwenye fomu.