Deni usiliandike, lihesabu: lahajedwali langu la vyumba vya kupanga

"Mwezi wa nne nimekulipa elfu saba, na kodi ni elfu sita mia tano. Kwa hivyo wewe ndiye una mia tano yangu."

Mpangaji wa chumba B4 aliniambia hivyo mlangoni kwake, simu mkononi, na jumbe za M-Pesa zilikuwa upande wake. Nilifungua daftari langu la shule, lenye vyumba kushuka chini na miezi kwenda kando. Safu ya Aprili ilionyesha 4,000 na 3,000, zimebanwa kwenye kijisanduku kimoja. Elfu saba kweli. Lakini Machi alikuwa ametoa 5,000 tu, na kijisanduku cha Machi hakikuwa na njia ya kuongea na cha Aprili.

Nasimamia ploti ya vyumba vinane huku Bamburi, Mombasa. Lahajedwali ninalotumia sasa ni la Google Sheets, na hata Excel hufanya kazi vilevile. Lina kurasa mbili kuu, Daftari na Wapangaji. Jedwali la miezi nililiacha kabisa, kwa sababu watu hawalipi kwa miezi. Hulipa wanapopata.

Kwenye Daftari, kila tukio la pesa lina mstari wake. Safu A ni tarehe, B namba ya mpangaji, C aina, D kiasi, E kumbukumbu ya malipo na F maelezo. Aina ni tatu pekee. DAI ni chochote ninachomdai: kodi ya mwezi, maji, kitasa alichovunja. MALIPO ni pesa aliyoleta kupunguza madai hayo. DIPOZITI ni ile ya kuweka, nayo haichanganyiki na hizo mbili. Tarehe mosi ya kila mwezi naandika DAI la kodi kwa kila mpangaji hata kabla hajalipa shilingi, kwa sababu lisipoandikwa DAI, deni halionekani popote.

Namba ya mpangaji si namba ya chumba. B4-03 maana yake ni mpangaji wa tatu tangu nianze kuandika chumba B4. Mwanzoni niliandika "B4" tu, na mama aliyehamia baada ya kijana mmoja kutoroka usiku akajikuta anadaiwa elfu tisa kabla hajapanga vyombo vyake. Chumba hakidaiwi. Anayedaiwa ni mtu.

Kwenye ukurasa wa Wapangaji, safu A ni namba hiyo, B jina na C kodi ya mwezi. Zinazobaki hazichapwi na mtu:

```
D2: =SUMIFS(Daftari!$D:$D,Daftari!$B:$B,$A2,Daftari!$C:$C,"DAI")
E2: =SUMIFS(Daftari!$D:$D,Daftari!$B:$B,$A2,Daftari!$C:$C,"MALIPO")
F2: =D2-E2
G2: =SUMIFS(Daftari!$D:$D,Daftari!$B:$B,$A2,Daftari!$C:$C,"DIPOZITI")
```

D ni jumla ya madai, E jumla ya malipo, F deni na G dipoziti ninayomshikia. F ikiwa hasi, amelipa mbele. Ukiburuta fomula hizo kushuka chini, kila mpangaji anapata zake.

Turudi kwa B4-03. Aliingia tarehe 1 Februari na kutuma 13,000 kwa mpigo mmoja. Niliigawa mistari miwili yenye kumbukumbu ileile ya M-Pesa, DIPOZITI 6,500 na MALIPO 6,500. Kufikia mwisho wa Aprili madai ni mara tatu 6,500, yaani 19,500. Malipo ni 6,500 ya Februari, 5,000 ya Machi na 7,000 ya Aprili, jumla 18,500. Deni ni 1,000. Mia tano aliyoizidisha Aprili ilikwenda kuziba tundu la Machi, na tundu lenyewe lilikuwa la 1,500. Nilipomwonyesha mistari yake kwenye simu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hiyo Machi nilikuwa nimeisahau, dada." Hatukugombana tena.

Mei alileta 6,000. Juni hakuleta kitu, na mwisho wa mwezi akahama. Madai sasa ni 32,500, na niliongeza DAI la 700 la kitasa cha dirisha, ikawa 33,200. Malipo ni 24,500. Anadaiwa 8,700 na namshikia 6,500. Hapa ndipo wengi hufuta dipoziti na kupunguza deni kwa mkono. Mimi huandika mistari miwili ya tarehe moja:

```
30/06/2025  B4-03  DIPOZITI  -6500
30/06/2025  B4-03  MALIPO     6500
```

Dipoziti inarudi sifuri, deni linashuka hadi 2,200, na yeyote anayeuliza pesa ilikwenda wapi anaiona. Mistari hiyo miwili hufutana, kwa hivyo ukijumlisha MALIPO na DIPOZITI zote unapata pesa halisi iliyoingia, na jumla hiyo unaweza kuilinganisha na taarifa ya M-Pesa na kitabu cha risiti. Muamala ukirudishwa, nao siufuti. Naandika MALIPO yenye alama ya kutoa.

Kutenganisha dipoziti kuna faida nyingine. Hapa Kenya, kodi ya serikali kwa nyumba za makazi tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya kodi ya pango unayopokea, bila kutoa gharama, kwa mwenye kupata kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Dipoziti ya kurudishwa si mapato yako bado. Inakuwa mapato pale unapoikata kufidia kodi ya pango, kama nilivyofanya tarehe 30 Juni.

Makosa yanayoniumiza kichwa hayapigi kelele. Ukiandika "6,500/=" badala ya 6500, programu inaona maneno na SUMIFS inayaruka kimyakimya. Dalili ni kwamba maneno huegemea kushoto mwa seli ilhali namba huegemea kulia. Ukikosea namba ya mpangaji, ukaandika "B4-3", malipo yanabaki yatima: yamo kwenye Daftari lakini hayamfikii mtu. Kwa hiyo juu ya ukurasa wa tatu mtupu nimeweka seli mbili, na zote lazima zisome sifuri:

```
=COUNTA(Daftari!D2:D)-COUNT(Daftari!D2:D)
=SUMIFS(Daftari!D:D,Daftari!C:C,"MALIPO")-SUM(Wapangaji!E2:E)
```

Ya kwanza inahesabu kiasi kilichoandikwa kama maneno. Ya pili inatafuta yatima. Kwenye Excel andika D2:D2000 na E2:E2000, kwa sababu haikubali safu iliyoachwa wazi upande mmoja. Na mpangaji aliyehama usimfute kwenye Wapangaji, la sivyo malipo yake yote yanageuka yatima siku hiyohiyo. Mwekee rangi ya kijivu, basi.

Lililobaki ni ujumbe mmoja kuandikwa mara mbili, mimi naandika na mwangalizi wa ploti anaandika. Kwenye safu E ya Daftari, kuanzia E2, nimeweka rangi nyekundu kwa sharti hili:

```
=COUNTIFS($E:$E,$E2,$C:$C,$C2)>1
```

Inaangalia kumbukumbu pamoja na aina, ndiyo maana ile 13,000 iliyogawanywa haiwaki. Huwaka ndugu akilipia vyumba viwili kwa muamala mmoja, na hilo naliacha liwake, nalitazama kisha napita. Malipo ya taslimu yanapata namba ya risiti kwenye safu hiyohiyo. Yasiyo na namba siyaingizi hadi mwangalizi aniletee kitabu.