Adapta ya USB badala ya tundu la mtandao lililoharibika: dhana potofu na ukweli kuhusu kasi

Tundu la mtandao la laptopu huharibika kwa njia chache zinazojulikana: pini moja kati ya nane imepinda, mdomo unaoishika plagi umevunjika, au umeme wa radi umepita kwenye waya na kuua chipu iliyo nyuma ya tundu. Katika hali zote tatu, adapta ndogo inayochomekwa kwenye USB inaweza kuurudisha mtandao wa waya bila kuifungua mashine. Kasi utakayoipata ni suala jingine, na hapo ndipo dhana potofu zimejaa, kwa sababu watu husoma maandishi yaliyo kwenye boksi la adapta na kuisahau njia nzima ambayo data inapitia.

Dhana: Mtandao ukiwa wa polepole, tundu limekufa

Ukweli ni kwamba tundu lililokufa kabisa haliwi la polepole, halifanyi kazi. Polepole ya ghafla mara nyingi hutoka kwenye waya. Mtandao wa gigabiti 1 hutumia jozi zote nne za nyuzi zilizo ndani ya waya, ilhali mtandao wa megabiti 100 hutumia jozi mbili tu. Uzi mmoja wa zile jozi mbili za ziada ukikatika, mara nyingi vifaa vya pande zote mbili hukubaliana kushuka hadi megabiti 100, wala hakuna ujumbe wowote wa kosa unaotokea. Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, chomeka waya huohuo kwenye kifaa kingine kizima. Ukifanya kazi vizuri huko, rudi kwenye laptopu na uisukume plagi kidogo juu au pembeni. Taa ya tundu ikiwaka unaposukuma na kuzima unapoachia, pini hazigusi sawasawa, na hapo adapta itakusaidia kweli. Itakusaidia pia ikiwa orodha ya vifaa vya kompyuta haionyeshi tena kadi ya mtandao, maana hiyo ni dalili kwamba chipu yenyewe haijibu.

Dhana: Adapta imeandikwa gigabiti, kwa hiyo nitapata gigabiti

Hii ndiyo inayowapotosha wengi, na ni vizuri kuieleza kwa mfano mmoja. Niliwahi kuletewa laptopu yenye pini mbili zilizovunjika kwenye tundu la mtandao, pamoja na adapta mpya yenye chipu ya RTL8153, ambayo kweli ni ya gigabiti 1. Malalamiko ya mwenye laptopu yalikuwa kwamba adapta ni bandia, kwa sababu kasi haikuzidi megabiti 94 kwa sekunde hata alipokuwa akihamisha mafaili kutoka kompyuta nyingine iliyo kwenye ruta ileile.

Namba hiyo ilitosha kuonyesha pa kuanzia. Megabiti 94 ndicho kiasi cha data halisi kinachobaki kwenye mtandao wa megabiti 100 baada ya kuondoa vichwa vya vifurushi na nafasi kati ya kifurushi na kifurushi. Kila kifurushi kilichojaa huchukua nafasi ya baiti 1,538 kwenye waya, lakini data ya mtumiaji iliyomo ni takribani baiti 1,448. Hesabu hiyohiyo kwenye gigabiti 1 hutoa takribani megabiti 941, na hiyo ndiyo dari halali. Anayesubiri kuona 1,000 kamili kwenye kipimo hataiona hata kwa tundu zima. Kwa hiyo 94 ilimaanisha kwamba mahali fulani njia imekubaliana megabiti 100. Tulibadilisha waya, na kasi ikapanda.

Ikapanda, lakini ikakwama karibu na megabiti 310. Safari hii taarifa za Windows zilisema kiungo ni cha gigabiti 1, na mwenye laptopu akazidi kushangaa. Taarifa hiyo haikuwa ya uongo: inaeleza makubaliano kati ya adapta na ruta pekee. Haisemi lolote kuhusu upande wa pili, yaani kati ya adapta na laptopu, ambako data inapita kwenye USB. Adapta ilikuwa imechomekwa kwenye tundu la USB 2.0. Tundu hilo hutajwa kuwa la megabiti 480 kwa sekunde, lakini kiwango hicho ni cha mawimbi kwenye waya. USB 2.0 hupeleka data upande mmoja kwa wakati mmoja kupitia jozi moja ya nyuzi, na sehemu ya muda wake huliwa na maombi na majibu ya mfumo wenyewe. Adapta ya gigabiti iliyopo kwenye tundu kama hilo kwa kawaida huishia karibu na megabiti 300, na hakuna mpangilio wa programu utakaoifikisha mbali zaidi ya hapo.

Kwenye Linux jambo hili huonekana waziwazi kwa amri moja:

```
lsusb -t
```

Mstari wa adapta hiyo huonyesha `Driver=r8152`, na mwishoni huwa na `480M` au `5000M`. Ukiona `480M`, USB ndiyo inayobana. Ukiona `5000M`, upande wa USB una nafasi ya kutosha na tatizo litafutwe kwingine.

Tuliihamishia adapta kwenye tundu la USB 3.0, na bado ikasomeka kama ya USB 2.0. Sababu yake haifahamiki kwa wengi. Plagi ya kawaida ya USB 3.0 ina safu mbili za miguso: ile ya zamani hugusa kwanza, na ile mpya iko ndani zaidi. Ukiichomeka polepole, kompyuta inaweza kuitambua kwa miguso ya zamani kabla ile mipya haijafika, kisha ikabaki hapo. Tuliichomoa, tukaichomeka tena kwa mwendo mmoja wa haraka hadi mwisho, na namba ikabadilika. Kipimo kati ya kompyuta mbili za nyumbani kikafika megabiti 940, ambayo ni sawa na takribani megabaiti 117 kwa sekunde wakati wa kuhamisha faili.

Kipimo hicho hufanywa ndani ya nyumba, bila kuihusisha intaneti. Programu ya iperf3 huwekwa kwenye kompyuta zote mbili. Amri ya kwanza huendeshwa kwenye kompyuta nzima, na ya pili kwenye laptopu yenye adapta, ukiweka anwani halisi ya ile ya kwanza:

```
iperf3 -s
iperf3 -c 192.168.1.10
```

Ukiongeza `-R` mwishoni mwa amri ya pili utapima upande wa kupokea, ambao kwa watumiaji wengi ndio muhimu zaidi. Nasisitiza kipimo cha ndani kwa sababu kipimo cha intaneti huchanganya mambo matatu kwa pamoja: adapta, huduma uliyolipia, na seva iliyo mbali. Laptopu hiyo, baada ya kurekebishwa yote, ilionyesha megabiti 480 tu kwenye kipimo cha intaneti, kwa kuwa huduma ya nyumba ile ilikuwa ya megabiti 500. Bila kipimo cha ndani, mwenye laptopu angeendelea kuilaumu adapta.

Dhana: USB 3.0 ina gigabiti 5, kwa hiyo kasi itakuwa mara tano

Gigabiti 5 ni upana wa njia ya USB. Chipu ya mtandao ndani ya adapta ndiyo inayoweka kikomo: ikiwa ni ya gigabiti 1, njia iliyobaki itakaa wazi. Zipo adapta za gigabiti 2.5, kama zile zenye chipu ya RTL8156, lakini zinahitaji ruta au swichi yenye tundu la kasi hiyo upande wa pili.

Dhana: Konsoli yoyote ya michezo yenye tundu la USB itaipokea adapta

Kwenye laptopu, adapta isiyotambuliwa hupewa draiva na kazi inaendelea. Konsoli hairuhusu hivyo. Inazitambua adapta zile tu ambazo draiva zake zimewekwa na mtengenezaji ndani ya mfumo, na wewe huna mahali pa kuongeza nyingine. Nintendo Switch ya mwaka 2017 ilitoka na kizimba cha kuiunganisha na televisheni kisicho na tundu la mtandao, hivyo mfumo wake uliandaliwa kupokea adapta ya USB, na adapta zenye chipu ya AX88179 hufanya kazi humo. Hata hivyo matundu mawili ya ubavuni mwa kizimba hicho ni ya USB 2.0, kwa hiyo ile dari ya takribani megabiti 300 inarudi palepale. Xbox One, kwa upande mwingine, ina tundu lake la mtandao na haitambui adapta ya mtandao ya USB. Tundu hilo likifa, kuchomeka adapta hakutaleta kosa wala taa ya matumaini. Konsoli itaendelea kana kwamba hakuna kilichochomekwa.

Kwa konsoli ya namna hiyo, njia ninayoiona bora ni kulibadilisha tundu kwa fundi anayejua kulehemu kwenye bodi, au kutumia waifai yake kwa mpangilio mzuri: vuta waya kutoka kwenye ruta hadi karibu na konsoli, kisha uweke hapo kifaa cha kurushia waifai kwenye masafa ya gigahezi 5. Konsoli itabaki bila waya kwa mita moja au mbili tu, na sehemu ngumu ya safari, yaani kuta na vyumba, itapitiwa na waya.

Dhana: Adapta ya USB huchelewesha michezo

Ucheleweshaji unaoongezwa na USB ni sehemu ndogo ya milisekunde moja, wakati safari ya kwenda kwenye seva ya mchezo na kurudi huchukua makumi ya milisekunde. Kinachoharibu mchezo ni kukatika na kuyumba. Adapta hukatika ikiwa Windows imeruhusiwa kuizima ili kuokoa umeme, jambo linalozuiwa kwa kuondoa alama kwenye sehemu ya nishati katika sifa za adapta. Hukatika pia ikiwa imepitishwa kwenye kigawanyi cha USB kisicho na umeme wake, pamoja na diski inayovuta umeme huohuo. Ili kujua, ichomeke adapta moja kwa moja kwenye laptopu na uiache ikiita ruta yako kwa dakika kumi, ukiweka anwani halisi ya ruta:

```
ping -n 600 192.168.1.1
```

Kwenye Linux, andika `-c` mahali pa `-n`. Majibu yakiwa karibu yote chini ya milisekunde 1 bila hata moja kupotea, adapta na waya ni vizima, na kusuasua kwa mchezo kunaanzia baada ya ruta.