Vidole kufa ganzi usiku: ni kifundo cha mkono au ni shingo?

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 48, napara samaki na kukata minofu ya sangara hapa Kirumba. Vidole vya mkono wa kulia vinakufa ganzi usiku mpaka naamka saa nane. Nikikung'uta mkono vinaachia. Nimepiga eksirei ya shingo, nikaambiwa pingili zimechakaa na mshipa umebanwa. Shingo hii inatibiwaje?

Jibu: Marahaba, mama. Hiyo eksirei iweke pembeni kwanza. Inaonyesha mifupa, haionyeshi mishipa ya fahamu, na watu wengi wa umri wako wana pingili zilizochakaa bila kuumwa chochote. Vidole vyenyewe vitatueleza zaidi.

Usiku ukiamka na ganzi, papasa kidole kimoja kimoja kwa mkono wa pili. Mshipa unaopita katikati ya kifundo cha mkono unahudumia dole gumba, kidole cha shahada, cha kati, na nusu ya kidole cha pete, ule upande unaotazama cha kati. Kidole kidogo haumo kabisa. Kwa hiyo kidole cha pete kikiwa na ganzi upande mmoja na upande wa pili kizima, tatizo huwa liko kwenye kifundo, kwa sababu mshipa unaotoka shingoni haugawi kidole hicho nusu kwa nusu. Ganzi ya kidole kidogo inatupeleka kwingine, kwenye kiwiko au shingoni.

Kisha jaribu hili mchana: kutanisha migongo ya viganja mbele ya kifua, vidole vikitazama chini, utulie hivyo dakika moja. Ganzi ikija, kifundo kinatiliwa shaka zaidi.

Shingo nayo ina tabia yake. Maumivu huanzia shingoni au nyuma ya bega, yakashuka mkononi kama umeme, na huzidi ukitazama juu huku umegeukia upande unaouma. Wengine hupata nafuu wakiweka kiganja juu ya kichwa. Ukijaribu, geuza shingo polepole, na maumivu yakija acha hapo hapo.

Swali: Nimejaribu. Kidole kidogo ni kizima, cha pete ni nusu kweli. Kupinda kifundo, hata dakika haikuisha ganzi ikaja. Shingo nageuza vizuri, ila maumivu hupanda mpaka kiwikoni. Niache kisu?

Jibu: Maumivu ya kifundo hupanda hadi kiwikoni, hata begani, na hapo ndipo wengi wanapodhani ni shingo. Kwa dalili zako zote, mama, mshipa wako umebanwa kwenye kifundo.

Ukilala unakunja kifundo bila kujua, na njia ile nyembamba yenye mshipa na kano za vidole inazidi kubana. Tafuta kifaa cha kushikilia kifundo, kwenye duka la vifaa tiba au kitengo cha fiziotherapia. Kiwe na ubao mgumu unaokinyoosha kifundo sawasawa, bila kukipinda nyuma wala mbele, na vidole viwe huru. Kivae kila usiku kwa wiki sita. Usikikaze mpaka mkono uvimbe.

Kisu usikiache, ila kinoe mara kwa mara, maana kisu butu kinakulazimisha kubana mpini kwa nguvu. Ukiweza, uzungushie mpini kitambaa uwe mnene, na upumzishe mkono kila baada ya samaki kadhaa. Sindano za vitamini B ambazo watu huchomwa kwa kila ganzi hazipanui njia hiyo. Pima sukari na homoni za tezi ya shingo, kwani kisukari na tezi iliyolegea huchangia tatizo hili.

Wiki sita zikipita bila nafuu, kuna sindano ya steroidi inayochomwa kwenye kifundo. Lakini ukiona mnofu ulio chini ya dole gumba unabonyea ukilinganisha na mkono wa pili, au vitu vinakuponyoka, usisubiri hizo wiki sita. Nenda Sekou Toure au Bugando ukaonwe na daktari wa mifupa, maana huenda ukahitaji upasuaji mdogo wa kukata utepe unaobana mshipa. Mshipa uliobanwa muda mrefu unaweza usirudi hali yake hata baada ya upasuaji.

Swali: Na shingo ni ya kuogopa wakati gani?

Jibu: Mikono yote miwili ikianza kushindwa kazi ndogo kama kufunga vifungo, miguu ikawa mizito au ukayumba ukitembea, au mkojo ukawa mgumu kutoka au kuzuia, uti wa mgongo wenyewe huenda umebanwa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ganzi ya ghafla ya upande mmoja, mdomo ukapinda au maneno yakagoma, ni dalili ya kiharusi, na hapo unakimbizwa hospitali saa hiyo hiyo.