Mzizi uliojirudia si lazima ufanye grafu iguse na kurudi

Jana usiku nilikuwa nasahihisha madaftari ya kidato cha tano. Swali lilikuwa fupi: chora grafu ya y = (x + 2)(x − 1)³. Katika daftari moja nilikuta mkunjo uliochorwa kwa mkono mtulivu kabisa. Unakata mhimili wa x penye −2, unazama chini, unapanda hadi penye 1, unagusa mhimili, kisha unarudi chini. Pembeni kaandika: "1 umejirudia, kwa hiyo inagusa tu." Jedwali lake la thamani liliishia x = 1. Angeongeza safu moja tu, x = 2, angepata y = 4, na mkunjo wake usingekuwa na njia ya kurudi chini.

Asubuhi nikamwita. "Mwalimu, si ulisema ikijirudia inagusa?" Nikamjibu kwamba nilisema ikijirudia mara mbili. Lakini nimeshasikia swali hilo miaka mingi mno, kwa wanafunzi na hata kwa walimu wenzangu, kiasi kwamba sitaki tena kulijibu mlangoni mwa ofisi. Nalijibu hapa.

Kukata mhimili ni kubadili alama. Upande mmoja wa mzizi y ni hasi, upande wa pili ni chanya, au kinyume chake. Kugusa na kurudi ni kubaki na alama ileile pande zote mbili. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni moja: nikivuka mzizi, alama inabadilika?

Simama hatua moja kila upande wa 1, penye 0.9 na 1.1. Kigawo (x + 2) kinakuwa 2.9 na 3.1, chanya kote, kwa hiyo hakina la kusema hapa. Kinachobadilika ni (x − 1): kwanza −0.1, kisha 0.1. Ukikiweka kwenye kipeo cha pili unapata 0.01 kote kuwili, na alama ya kutoa imefutika. Ukikiweka kwenye kipeo cha tatu unapata −0.001 na 0.001, na alama imerudi. Kipeo cha nne kinaifuta tena, cha tano kinairudisha. Basi kinachoamua ni kama idadi ya marudio ni shufwa au witiri. Kujirudia kwenyewe hakuamui kitu. Mzizi uliojirudia mara tatu unakata mhimili sawasawa na mzizi usiojirudia kabisa.

Sasa nieleze kwa nini kosa hili halifi, maana hapa ndipo ninapokereka. Wanafunzi hawajitungii. Wanaona kitu halisi kwenye karatasi, kisha wanakipa jina lisilo lake.

Chora grafu ile kwa kipimo cha sentimita 1 kwa kila kizio. Penye x = 0.75, y ni kama −0.043, yaani mkunjo uko chini ya mhimili kwa chini ya nusu milimita. Penye x = 1.25, uko juu yake kwa nusu milimita hivi. Katika nafasi yote hiyo ya nusu sentimita, mkunjo unatambaa ndani ya unene wa mstari wa penseli. Jicho linaona mkunjo umelala juu ya mhimili, na aliyelala juu ya kitu amekigusa! Rudi nyuma hadi x = 0.5 ndipo utaona uko chini kwa milimita 3. Kulala huko ni kweli na ni kazi ya marudio: kadiri marudio yanavyozidi, ndivyo mkunjo unavyolala zaidi karibu na mzizi. Lakini kulala ni jambo moja na kurudi ni jambo jingine. Mtu anaweza kutembea kando ya ukuta kwa muda mrefu na bado akaishia upande wa pili kwa kupita mlangoni.

Na hapa lazima nikiri jambo linalonisumbua. Neno "kugusa" lenyewe si safi. Ukifika kwenye kalkulasi utaambiwa kwamba mteremko penye x = 1 ni sifuri, na kwamba mhimili wa x ndio mstari mguso wa mkunjo huo mahali hapo. Kwa maana hiyo mkunjo unagusa mhimili na kuukata kwa wakati mmoja, na yule mwanafunzi hakukosea neno, alikosea mwendo. Ndiyo maana siku hizi nasema "inagusa na kurudi" na "inalala kisha inakata", hata kama ni maneno mengi zaidi.

Jambo jingine linalonitia shaka ni yale maswali ya "tazama grafu, taja idadi ya marudio." Ukionyeshwa mkunjo unaolala na kukata, unajuaje kwamba ni 3 na si 5? Kwa jicho tupu, hujui. Badili kipimo cha mhimili wa y na mkunjo wa 3 utaonekana kama wa 5. Jibu la haki ni "witiri, si chini ya 3", na mimi hulipa alama zote.

Kuna mtego mmoja zaidi, na huu unawanasa hata walioelewa. Wanasoma kipeo kabla ya kumaliza kutafuta vigawo. Mfano y = (x² − 1)(x − 1)³. Mtu anaona 3, anasema witiri, inakata penye 1. Lakini x² − 1 ni (x + 1)(x − 1), na humo ndani kumejificha (x − 1) mwingine. Marudio ni 4, na grafu inagusa na kurudi. Kanuni ni nzuri, hesabu ya marudio ndiyo mbovu.

Kama polinomia imekuja imefumuliwa, usikisie. Ile ya jana ukiizidisha yote inakuwa x⁴ − x³ − 3x² + 5x − 2. Igawanye kwa (x − 1) tena na tena ukitumia namba za mbele tu, kila mstari ukishusha namba ya kwanza kisha kujumlisha kila jibu na namba inayofuata ya mstari wa juu; ya mwisho ndiyo baki:

```
1  -1  -3   5  -2
1   0  -3   2 | 0
1   1  -2 | 0
1   2 | 0
1 | 3
```

Baki ni sifuri mara tatu, na mara ya nne ni 3. Basi marudio ni matatu: witiri, inakata. Na ile baki ya mwisho usiitupe. Inakuambia kwamba karibu kabisa na 1 grafu inaenda kama 3(x − 1)³. Namba hiyo ni chanya, kwa hiyo mkunjo unatoka chini kwenda juu. Ingekuwa −3, ungetoka juu kwenda chini. Na kama marudio yangekuwa shufwa, alama ya baki hiyohiyo ndiyo ingekuonyesha mkunjo unagusa ukiwa juu ya mhimili au ukiwa chini yake.